Siku Tatu za Kongamano na Nguo Sita

Mwanamke anayealikwa kuwasilisha mada katika kongamano hujiuliza maswali mawili: atasema nini, na atavaa nini. La kwanza hulijibu kwa elimu yake. La pili aghalabu hulijibu usiku wa mwisho, begi likiwa wazi kitandani na kabati zima limemwagwa sakafuni. Nimeshuhudia swali hili la pili likikaribia kulifuta lile la kwanza, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Mwenzangu kazini, afisa wa maabara, alialikwa mwezi wa Julai kwenda Nairobi kueleza kazi aliyoifanya kwa miaka miwili. Kongamano lilikuwa la siku tatu, pamoja na dhifa ya jioni moja na ziara ya maabara siku ya mwisho. Wiki mbili kabla ya safari alianza kumtafuta mtu wa kumwakilisha. Nilipombana aseme sababu, alijibu kwa sauti ya chini: "Dada, nguo sina. Nimehesabu, nahitaji mavazi manane, na mshahara huu una ada ya shule."

Nilimwomba anikaribishe kwao siku ya Jumamosi. Hatukwenda dukani kwanza, bali tulifungua kabati.

Hesabu ya mavazi manane ilitokana na kulifikiria kila vazi kuwa kitu kimoja kamili: gauni na mtandio wake, abaya na ushungi wake, vikivaliwa pamoja na kuvuliwa pamoja. Mtu akihesabu hivyo, siku tatu na dhifa na safari mbili humtaka mizigo miwili. Lakini nguo zikichaguliwa ili kila ya juu ikubaliane na kila ya chini, hesabu hugeuka. Nguo mbili za kati na vazi moja la chini, zikiwa na mavazi mawili ya nje, tayari ni sura nne mbalimbali. Ukiongeza mitandio mitatu, utarudi nyumbani na michanganyiko ambayo hukuifikia.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazami. Katika kongamano watu hukuona kuanzia kifuani kwenda juu. Unakaa nyuma ya meza, unasimama nyuma ya jukwaa, unapigwa picha za nusu mwili. Kwa hiyo kinachokumbukwa ni rangi iliyo karibu na uso, yaani mtandio, kisha nguo ya kifuani. Suruali ya buluu iliyoiva ikivaliwa siku mbili mfululizo, hapana atakayeitambua. Mtandio wa rangi ya damu ya mzee ukivaliwa siku mbili mfululizo, kila mtu atauona. Basi fedha na nafasi ya begi ziende juu, na chini pawe pa kawaida.

Tulichagua rangi tatu tu. Ya msingi ilikuwa buluu iliyoiva, kwa kuwa alikuwa nayo tayari katika abaya na suruali. Ya pili ilikuwa rangi ya maziwa, na ya tatu damu ya mzee. Kijivu tulikiruhusu kama jirani, kwa sababu hakigombani na yeyote kati ya hao watatu. Nguo yoyote iliyokuwa na rangi nje ya hizo tuliirudisha kabatini, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mama yake aliingia akiwa amebeba abaya nyeusi yenye vito vya fedha mikononi na kifuani. "Mchukulie hili," akaniambia, "asije akaonekana hana kwao." Nilimjibu kwa adabu: "Mama, hili ni la harusi, na uzuri wake ndio tatizo lake." Nguo yenye vito au maua makubwa hukumbukwa mara moja, na ikishakumbukwa haiwezi kuvaliwa tena siku ya pili katika sura nyingine. Isitoshe, vito hugonga meza na hukwaruza karibu na kipaza sauti. Kama mtu anataka maua, ayaweke kwenye mtandio, usiozidi uzito wa karatasi chache begini. Mama alicheka, akalirudisha abaya lake na kutuletea chai.

Nguo sita zilizobaki kitandani zilikuwa hizi. Ya kwanza, abaya ya buluu iliyoiva, ya kitambaa cha krepe, iliyo wazi mbele na yenye vifungo vya siri. Ya pili, gauni refu la rangi hiyo hiyo lisilo na pambo lolote. Ya tatu, suruali pana ya buluu iliyoiva yenye mifuko. Ya nne, shati refu la rangi ya maziwa, lifikalo magotini. Ya tano, blauzi ndefu ya damu ya mzee, yenye urefu kama wa shati. Ya sita, koti la kijivu. Nne za kwanza alikuwa nazo. Blauzi alimshonesha fundi wa mtaani kwao, na koti alilipata katika mitumba ya Kongowea.

Koti la mitumba lina sheria yake. Tazama mabega kabla ya kutazama bei. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia, usianguke mkononi. Fundi hupunguza mikono kwa muda mfupi, na ubavu huubana bila shida, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua koti zima, na gharama yake huweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Lijaribu ukiwa umevaa nguo utakayoivaa ndani, inua mikono mbele kana kwamba unaandika ubaoni, na uone kama mgongo unakukaza. Mwenzangu aliyaacha makoti mawili mazuri kwa sababu hiyo, akachukua la tatu, ambalo mikono yake tu ilikuwa mirefu.

Buluu iliyoiva nayo ina hila. Chini ya taa za duka hufanana na nyeusi, na buluu mbili zisizo za jora moja huonekana pacha hadi zitoke nje. Usiamue ndani ya duka. Ichukue nguo hadi mlangoni, iweke juu ya mwenzake kwenye mwanga wa mchana. Abaya na gauni la mwenzangu hazikuwa buluu moja kabisa: gauni lilielekea zaidi kwenye nyeusi. Kasoro hiyo hufichika iwapo vitambaa vina mguso tofauti, kimoja chenye mng'ao mdogo na kingine kisicho nao, kwa kuwa hapo jicho huona ni makusudi. Krepe ya abaya na kitambaa laini cha gauni vilipatana kwa njia hiyo. Suruali na abaya zilikuwa karibu mno na zenye mguso mmoja, hivyo tukakubaliana kwamba zikivaliwa pamoja, shati au blauzi ipite katikati izitenganishe.

Sasa tuzipange siku.

Siku ya safari alivaa suruali na fulana ya pamba, abaya juu yake ikiwa imefungwa vifungo vyote, na mtandio mweusi wa jezi usiohitaji pini nyingi. Koti alilibeba mkononi. Maana yake ni kwamba ndani ya begi hamkuwa na kitu kinene, na gauni, shati na blauzi zilifika zikiwa safi, hazijapata jasho wala vumbi. Abaya ya krepe hukaliwa saa tano za treni ya Madaraka bila kujikunja sana. Kama ingekuwa ya kitani au pamba tupu, ingeshuka Syokimau ikiwa na mikunjo ya kiti.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi, yenye hotuba rasmi na kukaa kwa muda mrefu. Alivaa gauni la buluu, koti la kijivu juu yake, na mtandio wa maziwa. Hii ndiyo sura ya heshima zaidi na yenye kazi ndogo zaidi: rangi moja kuanzia shingoni hadi miguuni, koti likiikata katikati, na mwanga wote ukienda usoni. Jioni, kwa ajili ya dhifa, hakuvua gauni. Alivua koti, akavaa abaya juu ya gauni bila kuifunga, akabadili mtandio wa maziwa kwa wa hariri ya kijivu, na kuufunga kwa pini moja ya fedha. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya dakika kumi. Aliyemwona asubuhi akiwa na koti alimwona usiku akiwa na vazi jingine kabisa.

Siku ya pili ilikuwa yake ya kusema, na hapa nilisisitiza suruali. Sababu haihusu urembo. Katika kumbi nyingi mzungumzaji hubandikwa kipaza sauti kidogo chenye waya, na mwisho wa waya kuna kisanduku cha betri kinachohitaji mfuko au ukanda wa kukichomeka. Gauni refu lisilo na mfuko halina mahali pa kukiweka, na nimeona mama wa heshima zake akikishika mkononi muda wote wa mada yake, asiweze kufungua karatasi. Suruali yenye mifuko huondoa taabu hiyo. Koti nalo lina kazi: kipaza sauti hubanwa kwenye ukosi wake, upana wa kiganja chini ya kidevu. Kisibanwe kwenye mtandio wala chini yake, kwani kila ukigeuza kichwa kitambaa hukisugua, na ukumbi husikia mkwaruzo badala ya maneno. Basi alivaa suruali, shati la maziwa, koti la kijivu, na mtandio wa damu ya mzee ambao ncha zake ziliingizwa ndani ya koti zisiguse kipaza sauti.

Siku ya tatu ilikuwa ya ziara ya maabara asubuhi na safari ya kurudi alasiri. Alivaa suruali ile ile, blauzi ya damu ya mzee, na mtandio wa maziwa uliofuliwa usiku wa kwanza. Abaya aliivaa wazi hadi mlangoni mwa maabara, kisha akaivua, kwa kuwa mikono mipana hubeba chupa na kugusa meza zisizopaswa kuguswa, na ndani wageni hupewa makoti meupe. Mtandio uliingizwa ndani ya blauzi kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya chakula cha mchana aliivaa abaya tena, akaifunga vifungo vyote, akawa tayari kwa treni.

Utaona kwamba suruali ilivaliwa mara nyingi, na hapana mchanganyiko uliorudiwa. Utaona pia kwamba kila nguo ina mbadala. Kama chai ingemwagikia shati asubuhi ya mada, blauzi ingekaa chini ya koti lile lile na mtandio wa maziwa. Kama zipu ya suruali ingeharibika, gauni lingechukua nafasi yake, na kisanduku cha betri kingeingia mfuko wa ndani wa koti. Huu ndio mtihani wa mpango wa mavazi: toa nguo moja kitandani, yoyote ile, na uone kama siku zote tatu bado zina vazi. Ukitoa moja na siku ikabaki tupu, hiyo ndiyo nguo ya kutafutiwa mwenzake kabla ya safari.

Kabla ya kufunga begi, alivaa kila mchanganyiko mbele ya kioo na kufanya majaribio manne. Sikuyaona katika kitabu chochote. Yametokana na miaka ya kusafiri na kuwatazama wenzangu.

La kwanza ni la mwanga. Nyosha kiganja ndani ya shati jeupe, kisha liinue mbele ya dirisha. Ukiweza kuhesabu vidole, taa za jukwaani zitaona yaliyomo. Dawa yake ni fulana ya ndani inayokaribia rangi ya ngozi yako, wala si nyeupe, kwa maana nyeupe chini ya nyeupe huchora mipaka yake. Fulana hiyo ikiwa ya mikono mirefu hufanya kazi mbili, kwani Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai huko humtetemesha mtu aliyetoka pwani.

La pili ni la kuinama. Rukuu mbele ya kioo ukiwa ubavu. Shati linalofika magotini ukisimama hupanda nyuma ukiinama, na mpasuo wa pembeni hufunguka. Mpasuo wa shati la mwenzangu ulianzia kiunoni. Fundi aliushona hadi chini ya nyonga, na suruali pana ikamaliza yaliyobaki. Mtu anayeweza kuswali katika nguo zake za kazini bila kutafuta juba la kuazima ameokoa nusu ya mapumziko yake.

La tatu ni la udhu. Mapumziko ya kongamano mara nyingi ni nusu saa, na foleni ya msalani hula sehemu yake. Vua koti, kisha jaribu kupandisha mikono ya shati hadi juu ya viwiko. Mkono wenye vifungo hufunguka na kukunjika. Mkono wa kubana, hasa wa kitambaa cha kunyumbuka, hugoma kwenye kigasha, na ukilazimishwa hulowa na kukaa baridi mwilini hadi jioni. Mtandio nao uweze kufunguliwa na kurudishwa bila kioo: kofia ya ndani isiyoteleza, pini mbili, basi. Hariri iliachiwa dhifa peke yake, kwa kuwa tone la maji juu yake huacha alama, na mtu hatoki msalani na alama shingoni kwenda kukaa mbele ya wageni.

La nne ni la pindo. Shati likichungulia vidole vitatu au vinne chini ya koti huonekana kama nguo ya ndani iliyoteremka. Ama lifichike lote, ama lipite koti kwa shubiri moja au zaidi, ili ijulikane kwamba ni safu yake. Pindo la gauni na la abaya lipimwe ukiwa na viatu vya safari. Abaya ikilipita gauni kwa kidole kimoja ni sawa, lakini gauni likichungulia chini ya abaya huvunja mstari wote. Mwenzangu alichukua viatu vya ngozi vyeusi vya kisigino kifupi, alivyovivaa kazini kwa miezi kadhaa, pamoja na malapa. Viatu vipya havina nafasi katika siku tatu za kusimama.

Begi lenyewe lilikuwa dogo. Nguo zilipangwa kwa siku, wala si kwa aina: gauni na mtandio wake pamoja, shati na mtandio wake pamoja, kila fungu limeviringishwa. Fungu la siku ya kwanza liliwekwa juu. Leso moja ya jozi ilizungushwa kwenye mafungu yote. Kule chumbani leso hiyo ilikuwa ya kutandika mtu anaposwali, ya kujitanda akiitwa mlangoni, na ya kukalia nguo wakati wa kupiga pasi. Shati lilitundikwa bafuni mara tu alipofika, maji ya moto yakafunguliwa dakika chache, na mvuke ukanyoosha mikunjo midogo. Pasi ilihitajika kwenye ukosi na mikono tu.

Mpango huu una mipaka yake, nami sitaificha. Haufai mtu anayekwenda mahali pa joto na jasho, kwa sababu hapo nguo ya kifuani haivaliki bila kufuliwa kila siku. Atakayekwenda Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Machi aongeze shati la tatu na aliache koti la kitambaa kizito. Tena kufua usiku kuna kikomo: mtandio wa shifoni ukikamuliwa ndani ya taulo hukauka kabla ya alfajiri, ila shati la pamba katika baridi ya Julai huamka likiwa bichi. Ndiyo maana mtandio wa maziwa ulipewa usiku mbili za kukauka, na shati halikutegemewa kufuliwa kabisa.

Atakaporudi, mtu asizirudishe nguo hizo kabatini zikiwa zimetawanyika. Mwenzangu alizifua, akalipeleka koti likasafishwe, kisha akabandika ndani ya mlango wa kabati karatasi yenye mistari mitano: safari, siku ya kwanza, dhifa, siku ya pili, siku ya tatu. Mbele ya kila mstari ameandika nguo na mtandio. Mwezi wa Novemba alialikwa Kisumu kwa siku mbili. Alijibu barua ya mwaliko siku ile ile, na akanunua mtandio mmoja tu.